Ripoti ya maabara ya fizikia: Njoro haipaswi kulazimishwa kutoa 9.81

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesomea fizikia hukutana mapema na jaribio la penduli, yaani kitufe kizito kinachoning'inizwa kwa uzi na kuachwa kibembee. Kwa jaribio hilo hupimwa mchapuko wa mvutano wa dunia, unaoandikwa kwa herufi g. Vitabu vingi vya shule humwambia kwamba jibu ni mita 9.81 kwa sekunde mraba.

Hebu tumchukue mwanafunzi wa kubuni katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, karibu na Nakuru. Amefanya kazi yake kwa makini na kupata 9.77. Usiku wa kuandika ripoti anashikwa na kishawishi cha kubadilisha tarakimu moja au mbili ili afike 9.81. Akifanya hivyo, atakuwa amefuta jibu sahihi na kuandika la mji mwingine.

Nambari 9.81 ni ya maeneo ya mbali na Ikweta, mathalani London. Dunia imefura kidogo katikati na inazunguka, hivyo g ni takriban 9.78 kwenye Ikweta usawa wa bahari, na 9.83 katika ncha za dunia. Njoro iko chini ya nusu digrii kusini mwa Ikweta, tena katika mwinuko wa karibu mita 2,250. Mwinuko huo hupunguza g kidogo zaidi, na thamani inayotarajiwa ni takriban 9.77.

Je, ripoti iandikwe vipi ili ukweli huu uonekane?

Sehemu ya kwanza ni lengo. Aghalabu wanafunzi huandika kwamba lengo ni "kuthibitisha kuwa g ni 9.81". Hapo ndipo upotovu unapoanzia, kwa sababu jibu limeshaamuliwa kabla ya uzi kufungwa. Lengo linalofaa ni sentensi moja: kupima g katika maabara ya Njoro kwa kutumia penduli, na kukadiria kiasi cha shaka katika kipimo hicho.

Sehemu ya pili ni vifaa. Orodha tupu ya stendi, uzi, kitufe, rula ya mita na saa ya kupimia sekunde haitoshi. Kila kifaa cha kupimia kitajwe pamoja na uwezo wake. Rula inasoma milimita, lakini ncha ya juu ya uzi na kitovu cha kitufe haviwezi kulengwa kikamilifu. Kwa hiyo urefu una shaka ya milimita 2. Ni sharti pia ielezwe kuwa urefu ulipimwa kutoka pale uzi ulipobanwa hadi katikati ya kitufe, na kwamba kitufe hakikuvutwa kando kupita nyuzi 5. Kikivutwa hadi nyuzi 20, kila mbembeo huchukua muda mrefu zaidi na g hushuka hadi karibu 9.62.

Sehemu ya tatu ni matokeo. Hapa huwekwa vipimo vyenyewe jinsi vilivyosomwa, kabla ya hesabu yoyote. Tuseme urefu ni mita 0.900, na mwanafunzi amepima muda wa mibembeo 20 mara tano: sekunde 38.1, 38.3, 38.0, 38.2 na 38.1. Wastani ni 38.14, hivyo mbembeo mmoja unachukua sekunde 1.907. Mibembeo 20 huhesabiwa pamoja kwa sababu kidole cha binadamu huchelewa kubonyeza saa, na kuchelewa huko hugawanywa kwa 20. Kanuni ni hii:

g = 4π²L/T²

L ni urefu na T ni muda wa mbembeo mmoja. Jibu linakuwa 9.77.

Sehemu ya nne, uchanganuzi wa makosa, ndiyo roho ya ripoti, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kuandika "makosa yalisababishwa na upepo na binadamu" hakumwambii msomaji lolote. Anachotaka ni kiasi.

Tuanze na urefu. Milimita 2 katika 900 ni asilimia 0.22. Kuhusu muda, vipimo vile vitano vimetawanyika kando ya wastani kwa takriban sekunde 0.11. Ukigawanya kwa kipeuo cha pili cha 5, shaka ya wastani ni sekunde 0.05, yaani asilimia 0.13. Lakini T katika kanuni imepigwa mraba, hivyo asilimia hiyo huongezwa maradufu kuwa 0.26. Makosa haya mawili hayategemeani. Kwa hiyo kila moja hupigwa mraba, miraba hiyo ikajumlishwa, kisha kipeuo cha pili kikatafutwa. Hupatikana asilimia 0.34, ambayo ni 0.03 ya g. Jibu kamili ni 9.77 ± 0.03.

Kuna aina nyingine ya kosa ambalo kurudia vipimo hakuliondoi. Mwanafunzi anayesema "moja" pale anapoachia kitufe, badala ya "sufuri", atakuwa amepima mibembeo 19 akidhani ni 20. Vipimo vyake vitapatana vizuri, ilhali g itaruka hadi karibu 10.8. Vivyo hivyo, akipima uzi hadi juu ya kitufe chenye kipenyo cha sentimita 2, urefu utapungua sentimita 1 na g itashuka hadi 9.66.

Kosa hili la pili hufichuliwa na grafu. Urefu ubadilishwe mara tano au sita, kisha T² ichorwe dhidi ya L. Mstari ungepaswa kupita kwenye asili ya grafu. Ukikata mhimili wa urefu sentimita 1 upande wa hasi, basi nusu ya kitufe ilisahauliwa. Hata hivyo mteremko wa mstari hauathiriki, na g inayotokana nao inabaki kuwa sahihi.

Mwisho ni hitimisho, ambalo halipaswi kudai zaidi ya vipimo. Hapa linaweza kusema: g katika maabara ya Njoro ni 9.77 ± 0.03, na inaafikiana na thamani inayotarajiwa. Tofauti yake na 9.81 ni 0.04, ambayo inazidi shaka kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo jaribio hili linaashiria kwamba g ya Njoro ni ndogo, bila kukata shauri. Ili kukata shauri, urefu upimwe kwa shaka ya nusu milimita na mibembeo 100 ihesabiwe. Hapo shaka itashuka chini ya 0.01.

Mwaka wa 1672, Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya penduli kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika Kusini, karibu na Ikweta. Aliona inachelewa takriban dakika mbili na nusu kila siku, akalazimika kufupisha penduli yake. Hakuirekebisha nambari ili ifanane na ya Paris, aliiandika. Isaac Newton aliitumia katika kitabu chake cha mwaka wa 1687 kama ushahidi kwamba dunia imefura kwenye Ikweta. Tofauti ileile ndiyo iliyomo katika daftari la mwanafunzi wa Njoro, iwapo hataifuta.