Nani kamuingiza mwanao kwenye grupu hilo?

Tuchukue mfano wa binti wa miaka 15. Anaamka asubuhi na kukuta yumo kwenye grupu la WhatsApp lenye watu 600 asiowajua. Jina la grupu linaahidi kukata tumbo kwa wiki moja. Kila baada ya dakika chache zinatumwa picha za vidonge visivyo na lebo, bei yake, na namba ya kutuma pesa. Hakuomba kujiunga na wala hakuulizwa.

Namba yake imetoka wapi? Mara nyingi ni kwenye grupu lingine la kawaida kabisa, tuseme la michango ya harusi ya ukoo. Humo kila mwanachama anaona namba za wenzake wote. Mtu mmoja akizinakili, anafungua grupu lake na kuwamwagia humo. Grupu la WhatsApp hubeba hadi watu 1,024, kwa hiyo muuza vidonge hana haja ya kuchagua nani mtu mzima na nani mtoto. Na tangu dakika hiyo, hao 600 nao wanaiona namba ya binti na wanaweza kumwandikia pembeni.

Haya yanawezekana kwa sababu WhatsApp inapowekwa kwenye simu huja ikiruhusu mtu yeyote mwenye namba yako akuingize kwenye grupu. Mwaka 2019 waliweka sehemu ya kubadilisha hilo, lakini lazima uende mwenyewe ukabadilishe. Shika simu ya mtoto, fungua WhatsApp, ingia Settings, kisha Privacy, kisha Groups. Ukikuta alama iko kwenye Everyone, mlango uko wazi. Ihamishie kwenye My contacts.

Hapo wazazi wengi huchanganya. My contacts maana yake ni watu ambao mtoto amewahifadhi kwenye simu yake. Muuza vidonge anaweza kuwa na namba ya binti yako hata kwenye simu tatu, lakini kama binti hajahifadhi yake, hawezi kumuingiza. Kwa hiyo kinga hii ina nguvu kulingana na majina yaliyomo kwenye simu. Kama humo kuna msusi, bodaboda na kijana aliyemuuzia kava la simu, hao wote bado wanaruhusiwa. Ndiyo maana kuna chaguo la tatu, My contacts except..., ambapo unaweka alama kwa wale usiotaka wamuingize. Binafsi naona ni rahisi zaidi kukaa na mtoto mkafuta namba zisizo na kazi.

Ukitaka kujua kama imeshika, mwombe jirani ambaye namba yake haimo kwenye simu ya mtoto ajaribu kumuingiza kwenye grupu. Simu ya jirani itamwambia hawezi, ila anaweza kumtumia mwaliko. Mwaliko huo unafika kama ujumbe wa mtu mmoja, una jina la grupu, na usipokubaliwa unakufa baada ya siku 3. Mwambie mtoto kwamba mwaliko usiomfahamu mtumaji wake haujibiwi, hata kwa kuuliza "nani wewe?"

Sasa upo mlango wa pili, ambao mpangilio huo haufungi. Ni linki, ile inayoanza na chat.whatsapp.com. Mtoto akiibonyeza na kukubali kujiunga, amejiingiza mwenyewe, na My contacts haina la kusema. Tofauti na ule mwaliko wa siku 3, linki inaendelea kufanya kazi hadi admini aibadilishe. Linki ya grupu la darasa iliyobandikwa Facebook mwaka jana inaweza bado kuwa inapokea watu leo, na kila anayeingia anaziona namba za wazazi na wanafunzi waliomo.

Kama wewe ni admini wa grupu la darasa au la kwaya, fungua taarifa za grupu, bonyeza sehemu ya linki ya mwaliko, kisha Reset link. Ile ya zamani inakufa papo hapo. Waliokwishaingia wanabaki, kwa hiyo pitia orodha na kuwatoa usiowatambua. Kisha kwenye ruhusa za grupu washa Approve new members, ili mwenye linki asubiri kwanza umkubali. Ni kazi kidogo ya ziada, hasa wiki ya kufungua shule, lakini itabidi uulize kila mmoja ni mzazi wa nani.

Na yule binti aliyekwishaingizwa? Apige picha ya skrini kwanza, aripoti grupu, kisha atoke. Anapotoka hakuna tangazo kwa wote, maadmini tu ndio wanaoarifiwa. Abadilishe mpangilio siku hiyohiyo, maana ukibaki Everyone anaweza kurudishwa kabla ya chakula cha mchana. Wakimwandikia pembeni, kila namba aifungie kwa Block, kwa sababu mpangilio wa magrupu hauzuii ujumbe wa mtu mmoja mmoja.