Kampuni Mahututi, Hati Safi

Kampuni ya kuchambua pamba mkoani Shinyanga imefunga hesabu zake za mwaka tarehe 31 Desemba 2024. Imepata hasara miaka mitatu mfululizo. Mkopo wake wa benki wa shilingi bilioni 4 unatakiwa kulipwa wote ifikapo 30 Juni 2025, na fedha iliyonayo haifiki milioni 300. Wakurugenzi wanaiomba benki iwaongezee muda, lakini Aprili imefika, mkaguzi anakaribia kusaini ripoti yake, na hakuna mkataba. Hesabu zimeandaliwa kwa kuchukulia kwamba kampuni itaendelea na biashara. Mkaguzi atoe hati gani?

Maswali ya namna hii wanayafahamu vizuri watahiniwa wa CPA, wawe wa NBAA Tanzania au wa KASNEB Kenya. Kampuni hii ni ya kubuni, kama zilivyo za mitihani. Wengi wakishaona hasara na deni, kalamu inakimbilia hati yenye shaka, na hapo ndipo alama zinapopotea. Mkaguzi hatoi cheti cha afya ya kampuni. Anatoa maoni kuhusu hesabu: je, zinamweleza msomaji hali ilivyo? Kampuni inaweza kuwa mahututi na hesabu zake zikasema hivyo bila kuficha kitu.

Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 570 kinamtaka mkaguzi aanze na msingi wenyewe wa hesabu. Msingi wa kuendelea na biashara unaachwa pale tu wakurugenzi wanapokusudia kuifunga kampuni au kusimamisha shughuli zake, au wanapokuwa hawana njia nyingine ya maana isipokuwa kufanya hivyo. Kwa kampuni yetu mazungumzo na benki bado yapo hai, kwa hiyo msingi unafaa. Hata hivyo benki ikikataa, Juni hakuna pa kutokea. Hayo ni mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea, na swali linalobaki ni kama wakurugenzi wameyasema.

Tuseme maelezo ya hesabu yanataja mkopo, tarehe yake, mazungumzo na benki, tena yanakiri waziwazi kwamba bila muda wa nyongeza kampuni huenda isiweze kuendelea. Jibu ni hati safi. Ndani ya ripoti mkaguzi anaweka sehemu maalumu yenye kichwa chake kuhusu mashaka hayo, inayomwelekeza msomaji kwenye maelezo husika na kusema kwamba maoni hayajabadilishwa kwa sababu ya jambo hilo. Vitabu vya zamani viliiweka habari hii kwenye aya ya kusisitiza jambo. Utaratibu huo ulibadilika kwa hesabu za vipindi vilivyoishia 15 Desemba 2016 na kuendelea, lakini bado naukuta kwenye majibu ya wanafunzi.

Sasa badilisha sentensi moja ya swali. Maelezo yanataja mkopo na tarehe ya kuulipa, lakini hayasemi kwamba hatima ya kampuni inategemea uamuzi wa benki. Msomaji amepewa nusu ya habari, na hapo hati yenye shaka ndiyo inayofaa kwa kawaida. Wakurugenzi wakinyamaza kabisa, hesabu nzima inampa msomaji picha ya kampuni ambayo haipo, na mkaguzi anafikia hati isiyoridhisha. Mpaka kati ya hizo mbili ni wa busara ya mkaguzi, kwa hiyo mtahiniwa aeleze ni kwa kiasi gani upungufu huo umezigusa hesabu kwa ujumla wake.

Ikiwa Februari bodi ilishaamua kuuza mashine na kufunga kiwanda, msingi wenyewe umeanguka. Hesabu zikibaki kwenye msingi wa kuendelea, hati ni isiyoridhisha hata kama maelezo yameeleza kila kitu. Hili huwashangaza wengi, kwani wamezoea kuona uwazi ukiokoa hati.

Na kama benki ilisaini nyongeza ya miaka miwili tarehe 20 Machi? Kwenye mizania ya Desemba mkopo unabaki deni la muda mfupi, kwa kuwa siku ile haki ya kuahirisha malipo haikuwepo. Lakini mkaguzi akishausoma mkataba na kuona makadirio ya fedha yanajitosheleza, mashaka makubwa yanaweza kuwa yameondoka, na ile sehemu maalumu haihitajiki.

Mtego wa mwisho ni wakurugenzi wanaokataa kufanya tathmini, au kuirefusha ifikie angalau miezi 12 tangu tarehe ya hesabu. Hapo shida imehama kutoka kwenye hesabu kwenda kwenye ushahidi. Mkaguzi hawezi kusema hesabu zimekosewa kwa sababu hajui. Anachagua kati ya hati yenye shaka na kushindwa kutoa maoni, kulingana na ukubwa wa kile alichonyimwa. Kwa kampuni ambayo uhai wake wote umening'inia kwenye mkopo mmoja, mimi ningeandika kushindwa kutoa maoni.