Tiyo gani kwa maji ya mlimani, na kwa nini usifukie mtaro haraka

Katika vilima vya Kivu, maji ya robine mara nyingi yanashuka yenyewe toka tanki mpaka kijijini, bila mashini. Ni mteremko huo ndio unachagua tiyo, si bei peke yake. Kila metro 10 za kushuka zinaongeza karibu bari moja ya presha ndani ya tiyo.

Tuchukue mfano. Tanki iko juu, na robine ya chini kabisa iko metro 75 chini yake. Usiku, wakati robine zote zimefungwa, presha pale chini inafika bari 7 na nusu. Tiyo iliyoandikwa PN 6 imetengenezwa kwa bari 6 tu: inaweza kupasuka pale, hata kama mchana ilionekana nzuri. Inatakiwa PN 10.

PVC haina bei kali na inafaa mtaro ulionyooka wenye udongo laini. Lakini jiwe linaivunja, na jua linaifanya ikauke. Polietileni, ile nyeusi inayouzwa kwa rulo, inapinda na kufuata kona za mlima, tena viungo vyake ni vichache. Galva, tiyo ya chuma, inawekwa pale tiyo haiwezi kufukiwa: kwenye mwamba ao kuvuka korongo. Kasoro yake ni uzito, bei na kutu.

Kisha mtaro usifungwe kwanza. Udongo unawekwa katikati ya kila tiyo ili isiruke, lakini viungo vyote vinabaki wazi. Kona zinashikwa na beto. Kole ya PVC inaachwa siku nzima ikauke.

Tiyo inajazwa maji polepole, hewa ikitokea juu. Pompi ya mkono yenye manometa inafungwa kwenye sehemu ya chini, kipande kinatengwa na tanki, na presha inapandishwa mara moja na nusu: katika mfano wetu, karibu bari 11. Hapo pompi inafungwa kwa saa moja. Polietileni hutanuka kidogo, kwa hiyo sindano ikishuka mwanzoni, ongeza maji tena, halafu hesabu saa upya. Ikiendelea kushuka, kuna mahali panavuja.

Fundi anapita kiungo kwa kiungo na mkono mkavu. Akikuta unyevu, anaondoa presha kwanza. Kiungo cha PVC kinakatwa na kuwekwa kingine. Kupaka kole juu yake hakusaidii. Tena asijaribu kwa hewa ya kompresa: tiyo ikipasuka na hewa, vipande vinaruka na kujeruhi watu.

Kiungo kinachovuja chini ya udongo hakipotezi maji tu. Siku maji yanapokatika, presha inaisha, na kupitia tundu lile lile maji machafu ya mtaro yanaingia ndani ya tiyo. Yakirudi kufunguliwa, uchafu huo unafika kwenye bidoni, na kipindupindu kinaweza kuja pamoja nao.