Geita ilivyouzwa nusu: Somo la wauzaji wa dhahabu ya kuazima

NUSU ya mgodi wa dhahabu wa Geita iliuzwa mwaka 2000, mgodi ukiwa ndio kwanza umeanza uzalishaji. Mwenye mgodi, kampuni ya Ashanti Goldfields ya Ghana, hakuiuza kwa sababu dhahabu ilikuwa haba au shimo la Nyankanga lilikuwa limemvunja moyo. Aliuza kwa sababu alibanwa na wadai, na walimbana katika wiki ambayo bei ya dhahabu ilikuwa inapanda.

Kwa mtu wa kawaida hili ni jambo la ajabu. Mchimba dhahabu anawezaje kufilisika kwa bei kuwa nzuri? Jibu limo katika biashara ya kuuza mali ya kuazima.

Mfano wa mpunga

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Kahama anayeona mavuno yanaingia na bei ya mpunga inaanza kulegea. Anamwendea mwenye ghala, anaazima magunia 100 na kuahidi kurudisha magunia 100 baada ya miezi mitatu, pamoja na ujira kidogo. Anayauza siku hiyo hiyo kwa shilingi 100,000 gunia. Bei ikishuka hadi 80,000, ananunua magunia 100, anarudisha, na shilingi 20,000 kwa kila gunia inabaki mfukoni, ukitoa ule ujira.

Ubaya ni kwamba deni lake si la fedha, ni la mpunga. Gunia likifika shilingi 150,000, deni ni lile lile la magunia 100. Faida yake ina mwisho, maana bei haiwezi kushuka chini ya sifuri. Hasara yake haina mwisho.

Sakafu inavunjika

Katika dhahabu, wenye ghala ni benki kuu za nchi tajiri. Katika miaka ya 1990 ziliazimisha dhahabu yao kwa riba ndogo, mara nyingi asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka. Aliyeazima aliiuza, akaweka dola zake mahali penye riba ya karibu asilimia 5, na tofauti ikawa yake. Alilipwa kwa kusubiri bei ishuke.

Mei 7, 1999 Hazina ya Uingereza ilitangaza kuwa itauza tani 415 za dhahabu yake. Bei ilikuwa juu ya dola 280 kwa wakia. Kabla mwezi haujaisha ilikuwa imepita chini ya karibu dola 273, kiwango cha chini kilichowekwa Agosti 1998. Kwa wafanyabiashara wa soko, sakafu ya bei ikivunjika ni ishara ya kuuza, na wengi waliuza. Mnada wa kwanza wa Uingereza wa Julai 6 ulipata dola 261.20, na baadaye mwezi huo bei ikafika karibu dola 253.

Wenye migodi nao walikuwa upande huo huo. Ashanti ilikuwa imeuza mapema dhahabu ambayo bado iko ardhini, ili ijihakikishie bei na kupata mikopo ya kujengea migodi kama Geita. Pamoja na hayo ilikuwa imepokea ada kwa kuwapa wengine haki ya kuinunulia dhahabu kwa bei iliyopangwa. Ahadi zote zilifika takriban wakia milioni 10, wakati kampuni ilizalisha wakia milioni 1.5 hivi kwa mwaka. Bei ilipokuwa chini, mwishoni mwa Juni 1999, daftari hilo lilionyesha faida ya karibu dola milioni 290.

Dalili ya hatari ilikuwepo, lakini haikuwa kwenye bei. Riba ya kuazima dhahabu ilikuwa imeanza kupanda hata kabla ya Septemba kuisha. Riba hiyo ikipanda huku bei imelala chini, maana yake waazimaji wamekuwa wengi kuliko dhahabu iliyobaki kuazimwa.

Siku ya Washington

Septemba 26, 1999, benki kuu 15 za Ulaya zilitangaza huko Washington kwamba kwa miaka mitano hazitauza zaidi ya tani 400 kwa mwaka. Zikaongeza sentensi moja iliyouma zaidi: hazitapanua uazimishaji wa dhahabu. Mwenye ghala alikuwa amefunga mlango.

Wenye madeni ya dhahabu wakakimbilia kununua ili warudishe, wote kwa pamoja, na kila aliyenunua alimpandishia bei mwenzake aliye nyuma. Bei iliyokuwa chini ya dola 270 ilifika karibu dola 325 mwanzoni mwa Oktoba. Riba ya kuazima kwa mwezi mmoja iligusa asilimia 9.

Tuseme mtu aliazima wakia 1,000 na kuziuza kwa dola 260. Ana dola 260,000, na kwa riba ya asilimia 5 zinampa dola 1,083 kwa mwezi. Dhahabu anayodaiwa sasa ina thamani ya dola 325,000, na kuiazima tena kwa asilimia 9 kunamgharimu dola 2,437 kwa mwezi. Kusubiri, ambako zamani kulimlipa, sasa kunamla. Juu ya hapo, mdai anataka dhamana ya ile tofauti ya dola 65,000, na anaitaka leo.

Hapo ndipo Ashanti ilipokwama. Faida ya daftari iligeuka hasara iliyozidi dola milioni 400, na mikataba iliwaruhusu wadai kudai dhamana ya fedha taslimu. Madai yalikaribia dola milioni 270. Kampuni ilikuwa na dhahabu, lakini ardhini, na dhahabu ya ardhini haipokelewi kama dhamana ya kesho asubuhi. Mapema Novemba wadai 17 walikubali kusitisha madai ya dhamana, wakapewa haki ya kununua asilimia 15 ya hisa. Mwaka uliofuata AngloGold ya Afrika Kusini ilichukua nusu ya Geita kwa dola milioni 205.

Jirani hakubanwa

Kampuni ya Barrick, iliyonunua Bulyanhulu mkoani Shinyanga mwaka huo huo wa 1999, nayo ilikuwa imeuza mapema dhahabu nyingi mno. Haikuanguka, kwa kuwa wadai wake hawakuwa na haki ya kuidai dhamana ghafla, na ilikuwa na miaka mingi ya kukabidhi dhahabu. Gharama ilikuja taratibu: mwaka 2009, bei ikiwa imevuka dola 1,000, Barrick iliamua kujitoa na kuandika hasara ya zaidi ya dola bilioni 5.

Kilichowauma wa Ashanti ni kwamba kuhusu bei hawakukosea sana. Mwisho wa 1999 dhahabu ilikuwa imerudi dola 290, na Aprili 2001 ilikuwa karibu dola 256, chini ya pale ilipokuwa kabla ya tangazo la Washington. Lakini kufikia hapo nusu ya Geita ilikwishakwenda. Nusu iliyobaki iliifuata mwaka 2004, AngloGold na Ashanti zilipoungana kuwa kampuni moja.