Swichi Moja Inayomeza Fremu Kubwa

Seva inaziona diski zake zilizo kwenye kabati la hifadhi. Ukipiga ping, majibu yote yanarudi. Mafaili madogo yanafunguka, mfumo wa mishahara unafanya kazi, na mchana kutwa hakuna anayelalamika. Usiku, kazi ya kunakili data inapoanza, ndipo mambo yanapoharibika: nakala inakwama katikati, mashine pepe zinaganda, diski zinapotea kisha zinarudi zenyewe. Fundi akifika asubuhi anakuta kila taa ni ya kijani.

Dalili hizi zikikutana kwenye mtandao wa hifadhi unaotumia fremu za jumbo, cha kwanza kushukiwa ni kifaa kimoja njiani kinachokubali fremu ndogo kuliko wenzake. Mara nyingi ni swichi. Watu husema hitilafu hii haina mpangilio, lakini mpangilio upo, na ukishauelewa unaweza kuifikia swichi yenyewe bila kubahatisha.

Mtandao wa Etheneti hubeba data ikiwa imekatwa vipande, na kila kipande husafiri ndani ya fremu. Kwa kawaida fremu moja hubeba baiti zisizozidi 1500, na kikomo hicho ndicho kinachoandikwa MTU kwenye mipangilio ya vifaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Alteon ilianza kusukuma matumizi ya fremu za baiti 9000. Ukubwa huo ulifaa kwa hifadhi, kwa sababu kipande cha data cha baiti 8192 kinaingia ndani ya fremu moja na nafasi ya vichwa vyake inabaki. Faida ipo, ingawa haina ukubwa ambao wengi wanaudhania. Kwenye waya, fremu ya 1500 huchukua nafasi ya baiti 1538, na ndani yake data halisi ni baiti 1460, yaani karibu asilimia 95. Fremu ya 9000 huchukua 9038 na kubeba 8960, kama asilimia 99. Nafuu nyingine ni kwamba idadi ya fremu hupungua hadi kama moja ya sita, hivyo prosesa inapata kazi ndogo.

Tatizo ni kwamba fremu ya 9000 haikuwahi kuwa sehemu ya kiwango rasmi cha Etheneti. Kila mtengenezaji alijipangia. Swichi nyingi hukubali hadi 9216 zikiwekwa sawa, nyingine huishia chini ya hapo, na nyingi hutoka kiwandani zikiwa 1500. Hata namna ya kuhesabu hutofautiana: kadi fulani za mtandao kwenye Windows huonyesha 9014 kwa sababu zimejumlisha kichwa cha fremu, wakati Linux inasema 9000, na zote mbili zinamaanisha kitu kilekile.

Seva inapofungua muunganisho wa iSCSI na kabati la diski, pande hizi mbili huambiana kila moja iko tayari kupokea kipande cha ukubwa gani. Zote zikiwa 9000, zitakubaliana kutumiana vipande vya baiti 8960. Swichi zilizo katikati hazimo kabisa katika makubaliano hayo. Haziulizwi wala hazisemi. Ruta ikipokea pakiti isiyoweza kuipitisha, na pakiti hiyo imekatazwa kugawanywa, humrudishia mtumaji ujumbe wenye kikomo kinachokubalika, kama ofisa wa mizani barabarani anavyolisimamisha lori na kumwambia dereva uzito ulioruhusiwa. Swichi ya kawaida haina ujumbe wa namna hiyo. Fremu iliyozidi kipimo inatupwa palepale, mtumaji haambiwi kitu, na mpokeaji hajui kama kuna kilichotumwa.

Tuchukue ofisi yenye seva za Linux, kabati moja la diski na swichi mbili, A na B. Kila seva ina kebo mbili, moja kwa kila swichi, ili njia moja ikikatika nyingine iendelee. Siku moja umeme unaunguza swichi B. Fundi anaweka mpya, anaweka mipangilio ya bandari na VLAN, kila kitu kinawaka. Kipimo cha fremu kinabaki 1500 kama kilivyotoka kiwandani.

Seva inaingia kwenye kabati la diski kupitia B bila shida, kwa sababu ujumbe wa kuingia ni mdogo. Orodha ya diski nayo inapita. Kisha programu inaandika kipande cha data cha kilobaiti 64. TCP inakikata katika fremu kubwa, na B inazitupa zote. Baada ya sehemu ya sekunde TCP inatuma tena fremu ileile, kwa ukubwa uleule, nayo inatupwa tena. Kila jaribio linasubiri mara mbili ya lile lililotangulia. Mtumiaji anaona mashine imeganda.

Wakati huo iSCSI ina kawaida ya kuchungulia kama mwenzake yuko hai. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, ikikaa sekunde 5 bila kupokea kitu hutuma ujumbe mdogo, kisha husubiri jibu kwa sekunde 5 nyingine. Ujumbe huo ni mdogo na swichi B ingeupitisha bila neno. Lakini TCP hukabidhi data kwa mfuatano, kwa hiyo chochote kilichotumwa nyuma ya fremu iliyopotea hakimfikii mlengwa mpaka pengo lizibwe. Ujumbe wa kuuliza uhai umekwama kwenye foleni nyuma ya fremu ambayo haitafika kamwe. Muda unakwisha, na kumbukumbu za mfumo zinaandika hivi:

```
connection2:0: ping timeout of 5 secs expired
connection2:0: detected conn error (1022)
```

Muunganisho unakatwa na data inahamia njia A, na kazi inaendelea. Huo ungekuwa mwisho wa shida, isipokuwa seva hujaribu kuingia tena kupitia B, na kuingia kunafanikiwa. Programu inayosimamia njia mbili huipima B kwa kuiuliza diski kama iko tayari. Swali hilo nalo ni dogo, linajibiwa, na B inatangazwa kuwa nzima. Data inarudishwa humo na mzunguko unaanza upya. Ndiyo maana diski zinapotea na kurudi: kila kipimo kinachotumika kuamua kama njia ni nzima kinapita kwenye swichi mbovu, na mzigo halisi peke yake ndio usiopita. Mchana maombi mengi ni madogo au yamepangiwa njia A. Usiku nakala inamimina vipande vikubwa kwenye njia zote mbili.

Kwa hiyo ping ya kawaida haithibitishi kitu hapa, kwa kuwa inatuma baiti chache tu. Ping inayofaa ni ile iliyojazwa hadi ukingoni na kukatazwa kugawanywa. Hesabu yake ni 9000 toa 20 za kichwa cha IP toa 8 za ICMP, inabaki 8972. Kwenye Linux, kwenye VMware na kwenye Windows huandikwa hivi, kwa mpangilio huo:

```
ping -M do -s 8972 -I eth3 10.10.21.50
vmkping -I vmk2 -d -s 8972 10.10.21.50
ping -f -l 8972 10.10.21.50
```

Jibu lisome kwa makini, kwa sababu kushindwa kuna maana mbili. Linux ikisema `message too long, mtu=1500`, kosa liko kwenye seva uliyokaa: kadi yako yenyewe imewekwa 1500 na pakiti haikutoka hata nje. Pakiti ikitoka na kukawa kimya kabisa, imetupwa mbele, kwenye swichi au mwisho wa safari. Katika ofisi yetu, njia ya eth2 kupitia A itajibu na ya eth3 kupitia B itanyamaza. Kisha punguza ukubwa. Ikiwa 1472 inapita na 1473 haipiti, kuna kifaa kilichobaki 1500. Ikiwa 8972 inakataa na 8954 inapita, kuna kifaa kilichowekwa 9000 kinachohesabu ndani yake baiti 18 za kichwa na mkia wa fremu. Hicho ndicho kinachochosha zaidi kukitafuta, kwa kuwa mtu akiangalia mipangilio anaona 9000 kila mahali na kuamini kwamba vyote ni sawa.

Pima kutoka kila seva, kwa kila kadi, na urudie kutoka upande wa kabati la diski kama lina uwezo wa kupiga ping. Njia zinazoshindwa zote hupita mahali fulani pamoja, na hapo ndipo pa kwenda kuangalia. Jihadhari na swichi zilizounganishwa kwa kebo mbili au zaidi zinazofanya kazi kama kebo moja. Ping kati ya anwani mbili mara nyingi itapita kwenye kebo ileile kila safari, na nyingine inaweza kuwa mbovu bila kuguswa. Chomoa moja moja, wakati kazi imepungua, ndipo upime.

Kabla ya kubadilisha chochote, soma hesabu za makosa kwenye bandari za swichi. Nyingi huandika fremu zilizozidi kipimo chini ya neno `giants` au `oversize`. Tuma ping mia moja za 8972; namba hiyo ikipanda kwa kiasi hichohicho kwenye bandari moja, umempata mhusika. Ikibaki sifuri, usimwachie huru bado, maana si kila swichi huhesabu inachotupa.

Kurekebisha kuna utaratibu wake. Ukipandisha, anza na swichi zote, uziweke kwenye kiwango cha juu kabisa zinachokubali, kwa kawaida 9216, kisha ndipo seva na kabati la diski viwe 9000. Ukishusha, anza na seva na kabati, umalizie na swichi. Swichi kuwa na kikomo kikubwa kuliko seva hakuna madhara. Pia hakikisha mipangilio imehifadhiwa na imeanza kutumika. Kwenye Cisco Catalyst za jamii ya 3750, kwa mfano, amri ya `system mtu jumbo` haifanyi kazi mpaka swichi izimwe na kuwashwa upya, na fundi anaweza kuiandika vizuri akaondoka akiamini amemaliza.

Kama huwezi kufikia mipangilio ya kila kifaa kilicho njiani, rudisha seva na kabati la diski kwenye 1500 leo. Utapoteza kama asilimia 4 ya nafasi ya waya, na kadi za kisasa zinazoikatia seva vipande zenyewe zitafidia sehemu kubwa ya mzigo wa prosesa. Na kila swichi inapobadilishwa, iwe kwa kuungua au kwa kuboreshwa, pima kwa ping ya 8972 kwenye kila njia kabla ya kuruhusu nakala ya usiku ianze.