Mashine imezimwa, kapasita bado

Mkanda wa mashine ya kusaga umesimama, fundi anataka kufungua mota ya fezi moja. Kubonyeza kitufe cha kuzimia hakutoshi. Kinaikatia mota umeme tu, waya zinazofika kwenye stata bado zina moto. Anashusha swichi kuu ya mashine, anaitia kufuli na ufunguo anautia mfukoni mwake, si kwa mwenye mashine. Kisha anabonyeza kitufe cha kuwashia: kimya.

Sasa mita. Anaipima kwanza kwenye soketi yenye umeme: volti 230. Anapima nyaya za mota, kati yao na kila moja kwa ethi: sifuri. Anarudi kwenye soketi, maana mita iliyokufa nayo husoma sifuri.

Hapo wengi huingiza mkono. Lakini lile kopo mgongoni mwa mota, kapasita, huweza kubaki na chaji. Kulipiga shoti kwa bisibisi hutoa cheche na huweza kuliharibu. Yeye anagusisha nyaya za balbu ya kizamani ya wati 100 (ya LED haifai) kwenye ncha zake mbili kwa sekunde chache, kisha anapima volti za DC hadi zisome sifuri.