Kwa nini karanga iliyompalia mtoto huelekea mara nyingi pafu la kuume

Bunia – Mtoto anakula karanga huku anakimbia. Mara anapaliwa, anakohoa mpaka macho yanatoka machozi. Mama anampiga mgongoni, kikohozi kinapungua, na watu wa nyumba wanasema: "Imeshuka, ameimeza." Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna siku ile karanga haikuenda tumboni hata kidogo. Iliingia mapafuni, na huko mara nyingi inafuata njia moja, ile ya upande wa kuume.

Neno "kumeza" ndilo linalodanganya watu hapa. Nyuma ya ulimi kuna mabomba mawili. La nyuma linapeleka chakula tumboni, la mbele linapeleka hewa mapafuni. Mtu akimeza, kifuniko kidogo kinalala juu ya bomba la hewa na chakula kinapita. Lakini mtoto akicheka, akilia ao akishtuka na chakula mdomoni, anavuta pumzi kwa nguvu wakati kifuniko kiko wazi, na hewa inakokota karanga pamoja nayo. Kwa hiyo sarafu iliyomezwa kweli iko tumboni, na kwa kawaida itatoka chooni. Mwiba wa samaki wa Tchomia unaochoma kooni ni shida nyingine tena, maana mara nyingi umekwama pale juu. Karanga iliyovutwa na pumzi ndiyo inayofika mapafuni.

Bomba la hewa la mtu mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 12. Linashuka katikati ya kifua, kisha linagawanyika kuwa matawi mawili ambayo waganga wanaita bronshi, moja kwa kila pafu. Mtu angefikiri yanafanana sawa mikono miwili, lakini hapana. Bronshi ya kuume ni fupi, karibu sentimita 2 na nusu, ni pana zaidi, na inashuka karibu wima: inaachana na mstari wa katikati kwa digrii 25 hivi. Ile ya kushoto ni ndefu karibu mara mbili, sentimita 5, ni nyembamba kidogo, na inakunja kona ya digrii 45 hivi.

Sababu ya tofauti hiyo ni moyo. Moyo umelalia upande wa kushoto, na mshipa mkubwa unaotoka ndani yake unapinda juu ya bronshi ya kushoto. Bronshi hiyo inalazimika kupita chini ya mshipa na kwenda pembeni mbali kabla ya kufikia pafu lake. Pafu la kushoto lenyewe limepunguziwa nafasi na moyo, kwa hiyo liko na sehemu mbili tu, wakati la kuume liko na tatu. Pafu kubwa linavuta hewa nyingi zaidi, na linahitaji bomba pana zaidi. Mtu anayeteremka kilima na kinga isiyo na breki hafuati kona kali, anafuata barabara iliyo karibu kunyooka. Karanga pia inafanya vile: njia ya kuume ni pana, imenyooka, na hewa nyingi inaelekea kule.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wengi wanalisahau. Hesabu hizo ni za mtu mzima. Kwa mtoto mdogo kona za pande mbili zinakaribiana zaidi, na bado upande wa kuume unaongoza, ila kwa tofauti ndogo. Karanga katika pafu la kushoto la mtoto si ajabu. Hata namna mtu alivyolala ao alivyoinama wakati wa kupaliwa inaweza kubadilisha njia. Muuguzi anayesikiliza upande wa kuume peke yake, akikuta uko sawa, hajamaliza kazi.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka miwili pale Mudzipela. Hana bado magego ya kutosha kusaga karanga, kwa hiyo kipande kizima kinaingia bronshi ya kuume. Anakohoa sana kwa dakika chache, kisha anatulia. Utulivu huo ndio mtego. Ngozi ya ndani ya bomba imezoea kile kitu, kikohozi kimelala, lakini karanga iko palepale. Inanyonya maji na kuvimba, na mafuta yake yanachoma ukuta wa bomba. Mtoto akivuta pumzi, bomba linapanuka kidogo na hewa inapita pembeni ya karanga. Akitoa pumzi, bomba linabana na hewa inafungiwa ndani. Pafu linajaa sawa mpira unaopulizwa bila kufunguliwa. Siku zikipita, bomba likiziba kabisa, hewa ya ndani inaisha, ile sehemu inanywea, uchafu unakusanyika na homa inaanza.

Kwenye kituo cha afya anapewa antibiotiki ya nimonia. Homa inashuka, mama anafurahi. Baada ya wiki mbili inarudi, palepale, upande uleule. Wengine wanatibiwa pumu, wengine wanaanza kushukiwa kifua kikuu, na kila mara pesa za nyumba zinatoka. Nimonia inayorudi mahali pamoja, ao mluzi unaosikika upande mmoja tu wa kifua, inapaswa kuleta swali moja: je, huyu mtoto alipaliwa siku zilizopita? Mara nyingi hakuna mtu aliyeuliza, na mama amesahau, maana kwake karanga ilishuka.

Picha ya kifua inasaidia, lakini haitoshi. Sarafu na msumari vinaonekana, karanga na maharagi havionekani. Kinachoweza kuonekana ni matokeo yake: picha ikipigwa wakati mtoto anatoa pumzi, pafu lenye karanga linabaki kubwa na jeusi, na moyo umesukumwa upande wa pili. Picha nzuri haimaanishi kwamba hakuna kitu.

Dawa za kunywa haziwezi kuitoa. Inatolewa na mganga mwenye ujuzi, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kwa bomba lenye taa na koleo ndogo linalopitishwa mdomoni. Kazi hiyo inaitwa bronkoskopi. Aliyeanza ni mganga Gustav Killian huko Freiburg, Ujerumani, mwaka 1897: alitoa kipande cha mfupa kwa mkulima wa miaka 63. Mfupa ulikuwa katika bronshi ya kuume. Kifaa hicho hakikai kwenye vituo vya mitaa, kwa hiyo mtoto anayeshukiwa anatumwa hospitali kubwa mapema, kabla ya nimonia ya tatu.

Kwenye dakika ileile ya kupaliwa, mtoto anayekohoa kwa nguvu na kulia aachwe akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wa mtu. Asipewe maji, maziwa wala mafuta ya mawese, na kidole kisiingizwe kooni kutafuta kitu kisichoonekana, kwa sababu kinakisukuma chini. Akishindwa kukohoa wala kutoa sauti, ainamishwe na kupigwa mara 5 katikati ya mabega. Kikikataa kutoka, mwenye zaidi ya mwaka mmoja anaminywa tumbo mara 5, juu ya kitovu, kwenda ndani na juu. Mwenye chini ya mwaka anaminywa katikati ya kifua, si tumboni. Vinarudiwa kwa zamu huku mwingine anatafuta moto ya kumpeleka hospitali.

Na akitulia, bado apelekwe. Mama aseme kule alikuwa anakula nini, ilikuwa siku gani, na alikohoa muda gani.